Oga, Jipake, Chana kwa Elfu Tisa

Mafuta ya nazi yalikuwa yanatoka. Shida ilikuwa sabuni na mafuta ya nywele, ambavyo vilikaa pale dukani mtaa wa Sofu, Kibaha, vikitazama watu wakipita kama wageni waliofika harusini bila kadi.

Vyote vitatu vilitoka kwenye mikono ya mama mdogo wangu, kule Kisarawe. Ndiye aliyenilea, na sikumbuki siku ya utoto wangu ambayo nyumba ile haikunuka nazi. Alikuna, akakamua tui, akalichemsha polepole mpaka mafuta yakajitenga na kuelea, kisha akayachuja kwa kitambaa cheupe. Mengine yalikwenda kwenye chupa kama yalivyo, ya kujipaka mwilini. Mengine aliyapikia sabuni, akazipanga kivulini wiki nne zikauke. Mengine aliyachanganya na nta ya nyuki, yakawa mafuta ya nywele ya mgando yanayokaa kwenye kopo bila kuyeyuka hata jua la Januari likiwaka. Kwa hiyo nilipowaambia watu kwamba hivi vitu ni ndugu wa tumbo moja sikuwa naongeza chumvi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuuza. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama mdogo aliyasoma mara moja, akayakunja vizuri na kuyaweka kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Nilimpenda sana siku ile. Tangu hapo nikawa naota mchana kweupe: naona chupa zetu zimepangwa stesheni ya Soga, abiria wa treni ya umeme wanashuka na mifuko yenye jina letu. Jina lenyewe sikuwa nalo bado, lakini mifuko niliiona kabisa, hata rangi.

Duka la Sofu lilikuwa la dada mmoja aliyetoka Mbeya, mchangamfu, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Alitupa shelfu moja yenye mistari mitatu karibu na kaunta, naye akawa anachukua mia tano kwa kila kitu kinachouzwa. Baada ya miezi miwili aliniita pembeni.

"Mdogo wangu, nikwambie ukweli?"

"Niambie, dada."

"Mafuta yenu nayapenda. Yanatoka. Lakini hayo ni mstari mmoja, na mistari miwili imelala. Kuna kaka anauza makava ya simu, ananisumbua kila siku anaitaka shelfu hiyo. Mwisho wa mwezi huu, hivi vingine visipoanza kutoka, nampa yote."

"Yote? Na ya mafuta?"

"Yote. Sitaki shelfu yenye vichwa viwili."

Nilimpigia simu mama mdogo. Alinisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya. Ikishindikana nitarudi kuuza nazi nzima." Nilijua maana yake. Nazi nzima anakuja kuzichukua dalali, anakutajia bei akiwa bado hajashuka kwenye gari, na wewe unaitikia. Mama mdogo aliishi hivyo miaka mingi kabla hajajifunza sabuni. Alilisema jambo lile kama mtu anayesema mvua itanyesha, na hilo ndilo lililoniuma.

Usafiri wa mawazo yangu hauna breki. Kabla simu haijapoa nilikuwa nimeshaamua: tutavifunga vitatu pamoja, tuviuze kwa bei moja nafuu. Mafuta yanapendwa, basi yawashike mkono wenzake watoke nayo. Hilo wazo lilikuwa zuri, nalisema mpaka leo. Nilichokiharibu ni vingine vyote.

Kwanza jina. Nilikaa siku nzima nikaandika majina ukurasa mzima, nikachagua lililopiga kelele kuliko yote: MALKIA WA PWANI, KIFURUSHI MAALUMU. Nilikwenda kwa jamaa wa stika pale Maili Moja, akanichapishia kwa herufi za dhahabu, na taji juu yake. Nikafunga seti ishirini kwenye karatasi ya zawadi inayong'aa, na utepe. Zilipendeza kiasi kwamba ndani hukuona kitu.

Halafu bei. Hapa inabidi nieleze nilivyokua. Sokoni Kisarawe, toka nikiwa mdogo nimeshikilia kanga ya mama mdogo, sheria ni moja: taja juu, mteja ashushe, mkutane katikati, kila mtu aondoke na furaha yake. Asiyetaja juu anaonekana bidhaa yake ina kasoro. Basi nikatumia akili hiyohiyo. Mafuta yetu yalikuwa elfu tano, mafuta ya nywele elfu nne, sabuni elfu mbili. Nikachapisha stika mpya, elfu saba, elfu tano na elfu tatu, nikazibandika juu ya zile za zamani, kila chupa, kila kopo, kila sabuni. Jumla ikawa elfu kumi na tano. Juu ya kifurushi nikaandika: THAMANI 15,000. SASA 9,900. OKOA 5,100. Ile mia tisa niliiona kwenye maduka makubwa ya mjini, nikaiona ya kisomi.

Sikuona kama nadanganya. Nilijiona natoa punguzo zuri.

Siku ya kwanza walikuja bodaboda wawili kununua maji. Mmoja akasoma stika, akamgeukia mwenzake.

"Oya, kifurushi hiki. Muulize kina dakika ngapi."

"Na GB je?" akajibu mwenzake. "Dogo, kinaisha saa ngapi? Isije ikawa nikilala tu kimekwisha."

Wakacheka mpaka wakasahau chenji yao. Na mimi nilicheka, lakini niliona. Kwa watu wetu kifurushi ni kile cha simu, kinachoisha kabla hujakitumia. Nilikuwa nimechukua neno ambalo watu wana kinyongo nalo, nikalivisha taji.

Siku ya tatu alikuja baba mmoja mtu mzima, kanzu safi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakizungusha kifurushi mkononi mara mbili, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Kijana. Hii Malkia… inafanya kazi kwa siku ngapi?"

"Kazi gani, mzee?"

"Aa. Ya nyumbani. Kati ya mtu na mkewe."

Nilimweleza kwamba ni sabuni na mafuta. Alikirudisha taratibu kama mtu aliyeshika kitu cha moto, akanunua wembe, akaondoka. Dada mwenye duka alikuwa ameinamisha kichwa kaunta, mabega yanatetemeka kwa kicheko.

Wiki nzima tuliuza kimoja. Aliyenunua alitoa elfu kumi akasimama akisubiri mia yake. Mia hatukuwa nayo, tukampa pipi mbili, hakufurahi.

Kisha akaja yule mama wa halmashauri.

Simtaji jina, ila alikuwa mtumishi, anapita dukani jioni akitoka kazini na kitambulisho kifuani, na alinunua mafuta yetu kila mwezi tangu tuanze. Mteja mwema kabisa. Siku hiyo alinyoosha mkono kwenye chupa kama kawaida, akasita.

"Elfu saba?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwezi uliopita nilichukua kwa elfu tano."

"Vitu vimepanda, mama." Ulimi wangu ulitangulia kabla sijaufunga.

Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kona ya stika, polepole, kama mtu anayemenya yai asilichubue. Chini yake ikatoka ile ya zamani, 5,000, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Akachukua kopo la mafuta ya nywele, akabandua. 4,000. Akachukua sabuni. 2,000. Akavipanga vitatu juu ya kaunta kwa mstari na kuniangalia, na macho yake hayakuwa na ukali hata kidogo. Nilitamani yangekuwa nao.

"Tano, nne, mbili. Ngapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Hiki kifurushi chako ni elfu tisa mia tisa. Umeniokolea ngapi?"

"Elfu moja… na mia moja."

"Na umeandika elfu tano na mia moja." Akashusha pumzi. "Elfu moja na mia moja ni hela, mwanangu. Ungeniambia hiyo ningeichukua, nikakushukuru. Sasa hata hiyo siiamini. Na hii sabuni si ndiyo mnayotufungia kipande bure kila tukinunua mafuta? Leo ina elfu tatu?"

Akatoka bila kununua kitu, hata mafuta. Dada mwenye duka hakucheka safari hii.

"Umeniharibia, mdogo wangu. Yule ananunua unga hapa, sukari hapa, kila kitu. Akirudi nyumbani atakagua na stika ya sukari yangu." Akanionesha kalenda ukutani kwa kidole. "Zimebaki wiki mbili. Na hizo stika zako zitoke leoleo."

Nilikaa chini sakafuni nyuma ya kaunta, nikabandua stika moja moja mpaka kucha zikaniuma. Machozi yalinitoka kidogo, nayasingizia vumbi.

Kesho yake nilikwenda Kisarawe. Mama mdogo alikuwa amekalia mbuzi yake, anakuna. Nilimweleza kila kitu, na ya mzee wa kanzu nikamweleza. Hapo aliacha kukuna, akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Nilipofika kwenye habari ya mama wa halmashauri akaiweka nazi chini.

"Lakini mama, wewe ndiye uliyenifundisha kutaja juu."

"Sokoni, baba. Sokoni mteja ana mdomo na mimi nina mdomo. Nikisema saba, yeye anasema nne, anajua ni mchezo, na mimi najua. Wewe umeandika kwenye karatasi. Karatasi haipunguzi. Mtu akiiona anajua ndiyo kauli yako ya mwisho." Akakung'uta chicha mkononi. "Halafu umebandika juu ya kauli ya mwanzo."

Nikauliza tu tufanyeje.

"Kwanza tujue tunaweza kushuka mpaka wapi tusiumie." Tulihesabu kwa vidole, yeye akitaja mimi nikiandika kwenye karatasi ya kufungia sabuni. Chupa ya mafuta inamgharimu elfu mbili na mia tano mpaka ikamilike, kopo la nywele elfu mbili, sabuni mia nane. Mfuko wa kufungia mia mbili. Dada wa duka anachukua mia tano kwa kila kimoja, vitatu ni elfu moja na mia tano. Jumla elfu saba.

"Kwa hiyo elfu nane tunapata elfu moja," nikasema. "Tuweke nane! Punguzo litakuwa elfu tatu, kubwa!"

"Elfu tatu ni nini?"

"Punguzo."

"Nakuuliza ni nini. Mtu akienda nayo nyumbani anaishika wapi? Punguzo ni maneno, baba. Sabuni ni kitu." Akachukua sabuni moja kavu kutoka kwenye ubao, akaniwekea kiganjani. "Weka elfu tisa. Inapungua elfu mbili, na elfu mbili ni bei ya hii. Mwambie mtu: lipia mafuta, lipia ya nywele, sabuni nyongeza. Nyongeza kila mtu anaijua. Mama yake alipewa, bibi yake alipewa. Hutakuwa na kazi ya kumshawishi."

Nilikaa nikaangalia ile sabuni. Tano na nne, tisa. Kweli, hata mtoto wa darasa la pili angeona. Na sisi tungebaki na elfu mbili kwa kila seti, chini ya tunachopata vikiuzwa kimoja kimoja, lakini kimoja kimoja vilikuwa haviuziki.

Ila kulikuwa na kidonda kimoja. Vile vipande vya bure. Nilimwambia mama mdogo kwamba tukiendelea kumpa kipande kila anayenunua mafuta, hakuna atakayeamini kwamba sabuni ni elfu mbili, na nyongeza yetu itakuwa hewa. Alikunja uso. Kumnyima mteja wake kipande aliona ni kama kumnyima mgeni maji.

"Wateja wangu wa hapa mlangoni nitawapa mpaka nife," akasema. "Vile vya pembeni vinavyobaki nikikata, siviuzi mimi. Hao wa Sofu wape sabuni nzima kwenye seti yao. Kipande cha bure kwa anayenunua mafuta peke yake, huko kwenu, kikome. Na uwaambie kwa mdomo wako, usiwafiche."

Nilirudi Kibaha na mifuko ya plastiki angavu, ile ambayo unaona kila kilichomo, karatasi za kung'aa nikamwachia mama mdogo avalishe madaftari ya watoto wa jirani. Kilichobaki ni jina. Malkia nilikuwa nimemvua taji, lakini bila jina mfuko ulikuwa mfuko tu.

Jina sikulitunga. Siku iliyofuata alikuwepo dukani mama mmoja kijana ananunua nyanya, simu ameibana kwa bega, anaongea na bintiye aliyebaki nyumbani. Sauti juu, kama wote tunavyofanya.

"Umeoga? Hujaoga! Oga sasa hivi. Ukishaoga jipake, usiniache na mapele hayo. Halafu chana, tuna safari… Chana mwenyewe, mkono huna?"

Nilimtazama dada mwenye duka, naye akanitazama. Sabuni, mafuta, mafuta ya nywele, kwa mpangilio wake, kutoka mdomoni mwa mtu ambaye hata hakujua tunauza nini.

"Oga, jipake, chana," nikasema taratibu.

"Liandike kabla halijapotea," akasema dada. "Na safari hii andika na hesabu yote, chini hapo. Anayetaka kujumlisha ajumlishe mwenyewe, asihitaji kubandua kitu."

Tukaandika kwenye kibao cha shelfu na kwenye kila mfuko, kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wake, maana wateja wake waliujua:

OGA, JIPAKE, CHANA. Sabuni 2,000. Mafuta 5,000. Ya nywele 4,000. Ukinunua kimoja kimoja 11,000. Vyote vitatu 9,000. Sabuni ni nyongeza yako.

Mstari wa juu tukapanga vya kuuza kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake ileile ya siku zote. Mstari wa kati seti ishirini. Nilitaka kuficha vya kimoja kimoja ili watu wachukue seti, dada akanigonga mkono. "Viache vionekane. Bila hivyo hiyo kumi na moja wataitoa wapi?"

Siku ya kwanza hatukuuza hata moja. Siku ya pili moja. Kijana wa chuo aliichukua, akasoma, midomo ikimchezacheza akijumlisha, akatoa elfu kumi, akapokea elfu moja yake kavu, akaondoka. Hakuna aliyeuliza dakika. Mama mmoja aliuliza kipande chake cha bure, nikamweleza kama nilivyoagizwa. Akafikiri. "Sasa hii nzima na ile nusu, si bora hii?" Akabeba seti.

Mama wa halmashauri alipita jioni ya Alhamisi. Nilitoka nje ya kaunta, nikamwamkia, nikamwomba radhi mbele ya watu waliokuwepo. Nilimwambia vitu havikuwa vimepanda, mimi ndiye niliyevipandisha. Aliniitikia tu, akaingia. Alichukua chupa ya mafuta, akapitisha ukucha kwenye kona ya stika. Haikutoka kitu. Akapitisha na kwenye kopo. Akasoma kibao chote mpaka mwisho.

"Sabuni ninayo nyumbani, na nywele zangu nimesuka," akasema. "Nipe mafuta."

Elfu tano. Nikamfungia. Nilifurahi kuliko angenunua seti zote, sijui kwa nini. Kesho yake asubuhi akaja dada mwingine mwenye kitambulisho cha ofisi ileile, akasema ameelekezwa, akachukua mbili.

Siku ya mwisho ya mwezi kaka wa makava alifika na boksi lake begani, limeshafungwa kamba, tayari kupanga. Dada mwenye duka alikwenda kwenye shelfu, akahesabu kwa kidole. Kati ya seti ishirini zilibaki tatu. Akarudi, akamwangalia kaka yule, akaniangalia mimi.

"Kaka yangu, pole. Nilikuahidi nikidhani hawa watalala."

"Sasa boksi nilipeleke wapi, dada? Nimelibeba kutoka Maili Moja!"

"Jaribu duka la kona, ana ukuta mzima hauna kitu. Mwambie mimi nimekutuma." Kisha kwangu, "Na wewe unacheka nini? Nataka kumi na tano Jumamosi."

Nilitoka nje, nikasimama juani nikampigia mama mdogo. Nilimweleza haraka haraka, maneno yanagongana. Shelfu ni yetu. Zimebaki tatu. Wanataka kumi na tano Jumamosi. Nikaongeza, kwa sababu nisingeweza kujizuia, kwamba huenda siku moja Soga, pale stesheni, abiria…

"Subiri," akasema. Nilimsikia anatembea, mlango wa ghala unalia, kisha anahesabu kwa sauti ya chini.

"Sabuni kavu ninazo kumi na mbili. Nyingine bado zina wiki mbili. Mwambie dada yako Jumamosi seti kumi na mbili. Sitii sabuni mbichi kwenye mfuko ulioandikwa nyongeza."

"Lakini mama, hakuna atakayejua…"

"Baba."

"Ndiyo, mama. Kumi na mbili."

"Na njoo kesho mapema. Nazi za kukuna ni nyingi, na mbuzi ya pili nimeshaiazima kwa jirani."